Bei ya Kozi ya Kijerumani Inahesabiwa Wapi?

(Mhadhara wa wazi kwa wazazi, vijana na walimu wa Kericho na Bomet)



Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa kikazi mjini Berlin, mbele ya Rais Ruto na Kansela Scholz. Ndani ya siku chache ilienea habari kwamba Ujerumani itachukua Wakenya 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilijitokeza ikasema habari hiyo si kweli, na kwamba mkataba hautaji idadi yoyote. Kanusho hilo halikusafiri mbali kama uvumi wenyewe. Huku kwetu, ambako mashine za kuchuma chai zimechukua nafasi ya mikono katika mashamba makubwa, uvumi ndio uliobaki, na nyuma yake yakaja mabango: jifunze Kijerumani, A1 kwa wiki 8, B1 kwa miezi minne, cheti kimehakikishwa.

Sikuja kuwaambia msisome Kijerumani. Nafundisha lugha, na napenda kuona kijana wa Konoin au wa Belgut akiisema lugha ya watu wa mbali bila woga. Nilikuja kwa sababu ya swali ambalo mzazi huniuliza kila bonasi inapokaribia: kozi ipi ni nafuu? Anauliza huku ameshika matangazo mawili, moja la shilingi 15,000 na jingine la shilingi 6,000, na tayari ameshaamua. Mara nyingi ameamua vibaya, na si kosa lake, kwa kuwa tangazo limeandikwa ili asiweze kupiga hesabu.

Tuipige basi pamoja. Nitatumia matangazo mawili ya aina tunazozijua, bila majina ya vyuo, na bei zote nitakazozitaja ni za mfano. Ukifika nyumbani, futa tarakimu zangu uweke zako.

La kwanza ni darasa la ana kwa ana hapa mjini. Karo ya A1 ni 15,000, wiki 8, Jumatatu hadi Alhamisi, saa mbili kwa siku. La pili ni la mtandaoni: 6,000 kwa mwezi, miezi miwili, na tangazo linasema "saa 60 za masomo". Kwa macho, la pili ni 12,000 na la kwanza ni 15,000, na ukiongeza nauli ya kuja mjini kila siku, mzazi anaona amepata jibu.

Anzeni na la mjini. Siku nne mara saa mbili mara wiki nane ni saa 64. Lakini saa mbili hizo zina mapumziko ya dakika 15, kwa hiyo zinabaki saa 7 kwa wiki, na kwa wiki nane ni saa 56. Sasa tazama risiti, usitazame bango. Kijana mmoja aliniletea risiti yake, karatasi ndogo ya manjano yenye mistari minne iliyoandikwa kwa kalamu: usajili 1,000, karo ya A1, hairudishwi, 15,000, vitabu 2,500, mtihani 1,500. Jumla 20,000. Bango lilikuwa limetaja mstari mmoja tu kati ya minne. Ukiiacha nauli kando, gawanya 20,000 kwa saa 56, unapata takriban shilingi 357 kwa saa moja ya kukaa na mwalimu.

Nenda kwenye la mtandaoni. Uliza zile saa 60 zimetoka wapi. Utakuta mwalimu yuko hewani kwa saa moja Jumatano na kwa saa mbili Jumamosi. Hizo ni saa tatu kwa wiki, na kwa wiki nane ni saa 24. Saa 36 zilizobaki ni video zilizorekodiwa. Weka bando, kwa sababu saa moja ya darasa la video hula data nyingi, na tuseme miezi miwili itakula 2,000. Jumla ni 14,000. Gawanya kwa 24, unapata shilingi 583 kwa saa. Kozi iliyoonekana nafuu imeipita ile ghali kwa zaidi ya shilingi 200 kila saa.

Sisemi video hazina kazi. Kijana mwenye bidii atazirudia mara tatu, na hilo mwalimu wa darasani hawezi kumfanyia. Lakini video haimsikii mwanafunzi. Haijui kwamba anatamka vibaya, wala haimwambii kwamba amesahau kupeleka kitenzi mwisho wa sentensi. Mimi huziweka kwenye hesabu ya vitabu, si kwenye hesabu ya mwalimu.

Kwa nini nasisitiza saa? Kwa sababu Goethe-Institut, taasisi ya utamaduni ya Ujerumani ambayo mitihani yake ndiyo wengi wenu mtaifanya, hutangaza makadirio ya vipindi vinavyohitajika kwa kila daraja. Kipindi chao ni dakika 45, kirefu kidogo kuliko kile cha dakika 40 tulichokizoea sekondari. Kufikia A1 ni vipindi 80 hadi 200. Kufikia B1, ukihesabu tangu mwanzo kabisa, ni 350 hadi 650. Kufikia B2 ni 600 hadi 800. Vipindi 80 ni saa 60 kamili. Kwa hiyo darasa letu la mjini, lenye saa 56, linakaribia kiwango cha chini kabisa bila kukifikia. La mtandaoni, lenye saa 24 za mwalimu, halifiki hata nusu.

Kwa kipimo hichohicho, tulipime lile bango la B1 kwa miezi minne. Vipindi 350 ni saa 262 na nusu. Kwa saa 7 za wiki, hizo ni wiki 37 na nusu, karibu miezi tisa bila likizo, na huo ni mwendo wa mwanafunzi mwepesi. Anayehitaji vipindi 650 ataenda mwaka mmoja na miezi minne. Miezi minne ya mwendo huo inatoa saa 119 hivi, yaani vipindi 159, chini ya nusu ya kiwango cha chini. Chuo kinaweza kukujibu kwamba chenyewe hufundisha saa tano kila siku. Vizuri, basi kioneshe ratiba, na ratiba hiyo iandikwe kwenye risiti.

Hapo wengi wangeishia, wachague darasa la mjini. Nawaomba tusiishie, kwa kuwa kuna swali linaloweza kuipindua hesabu yote: mko wangapi darasani?

Tuseme lile la mjini lina wanafunzi 24 na la mtandaoni lina 6. Mwalimu akitumia nusu ya saa kueleza, zinabaki dakika 30 za wanafunzi kusema. Mjini kila mmoja anapata dakika moja na robo kwa saa. Mara saa 56, ni dakika 70 za kufungua kinywa katika kozi nzima. Mtandaoni kila mmoja anapata dakika 5 kwa saa, na mara saa 24 ni dakika 120. Kozi iliyoshindwa kwa saa imeshinda kwa kusema, tena kwa mbali, na kwa fedha kidogo.

Kwa hiyo ipi ni bora? Inategemea unachokikosa. Anayeanza kabisa anahitaji kwanza saa nyingi za kusikia na kuandika chini ya jicho la mwalimu, na kwa huyo ningechagua mjini, kisha ningekiomba chuo kiligawe darasa mara mbili kwa siku moja ya wiki, wakae kumi na wawili. Aliyemaliza daraja na sasa anajiandaa kwa mtihani wa kuzungumza, kundi dogo la mtandaoni litamfaa zaidi kuliko kurudi kukaa nyuma ya wenzake ishirini na watatu. Mbinu mbaya ni kulilipia la mtandaoni kama kozi kamili. Ukitaka lifike saa 60 za mwalimu, utahitaji saa 36 zaidi, ambazo kwa saa tatu za wiki ni miezi mitatu mingine: 18,000 za karo na 3,000 za bando. Zile 14,000 zimekuwa 35,000.

Mzazi wa shambani ana njia yake ya kuipima bei, nami naiheshimu. Tuseme kiwanda kinakulipa shilingi 25 kwa kilo ya majani mabichi kila mwezi. Zile 20,000 za risiti ni kilo 800 za majani mabichi zilizofika kwenye kituo na kupimwa, kabla hujamlipa mchumaji wala kununua mbolea. Mtu anayepeleka kilo 800 kituoni hukaa kando ya mizani asome uzito mwenyewe. Afanye hivyohivyo kwa saa za kozi.

Sasa tufike kwenye cheti, kwa sababu saa zote hizo zinaweza kuishia kwenye karatasi isiyofungua mlango.

Yule kijana aliyeniletea risiti alilipa 1,500 za "mtihani". Alifanya, akafaulu, akapewa cheti kizuri chenye muhuri na bendera mbili. Ni cheti cha chuo. Kinasema alihudhuria kozi na kufaulu mtihani wa ndani. Ubalozi wa Ujerumani, katika maombi ya viza, hutaka cheti cha mtahini anayetambuliwa kimataifa, kama Goethe, telc, ÖSD au TestDaF. Cheti cha chuo chetu, hata kiwe na mihuri saba, hakimo kwenye kundi hilo. Kijana alijua hilo siku alipokuwa anapanga karatasi za viza, na akaanza kutafuta fedha upya.

Tafadhali tusichanganye leseni na utambuzi. Chuo kinaweza kuwa na usajili wa TVETA, ile mamlaka ya elimu ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na usajili huo ni jambo jema. Unaonesha kwamba chuo kimeruhusiwa kufundisha. Hauigeuzi karatasi yake kuwa cheti cha lugha mbele ya ubalozi. Vilevile wakala anayekuuzia kozi pamoja na ahadi ya kazi anapaswa kuwa amesajiliwa na NEA, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na bado usajili huo hausemi lolote kuhusu ubora wa darasa lake. Akikupa bei moja ya vitu viwili, mwombe aitenganishe: kiasi gani ni karo, kiasi gani ni cha kutafuta kazi, na kipi kinarudishwa usipopata kazi.

Kwa hiyo swali la mzazi linabadilika. Haulizi tena kozi ni shilingi ngapi. Anauliza: mpaka mtoto ashike cheti kinachokubalika, nitakuwa nimetoa shilingi ngapi? Ada ya mtihani wa Goethe hubadilika, na huulizwa kwao wenyewe. Kwa mfano wetu nitaweka 18,000, na 4,000 za nauli, malazi na chakula Nairobi. Darasa la mjini, bila nauli ya kila siku, sasa ni 42,000, si 15,000. La mtandaoni, likifikishwa saa 60, ni 57,000, si 6,000.

Na hapa ndipo naona fedha nyingi zaidi zikipotea bila sababu. Daraja unalohitaji linategemea njia unayoifuata. Anayekwenda kuishi na familia kama au pair anahitaji A1. Anayekwenda kwenye mafunzo ya ufundi kazini, yale wanayoyaita Ausbildung, kwa kawaida anahitaji B1. Muuguzi anayetaka leseni ya kufanya kazi kama muuguzi kamili atatakiwa B2, hata kama ameanza safari na B1. Sasa, yule wa Ausbildung huambiwa na chuo afanye mtihani wa nje wa A1, kisha wa A2, ndipo B1. Kanuni za Goethe hazimtaki mtu awe na cheti cha A1 wala A2 ili afanye B1. Unasoma madaraja yote, lakini unaweza kuketi kwenye mtihani mmoja tu. Kwa bei zetu za mfano, mitihani miwili ya kati ni 36,000, na safari mbili ni 8,000. Hizo ni 44,000 zilizookolewa, zaidi ya gharama ya kozi nzima ya A1. Ikiwa mwajiri ameomba kwa maandishi kuona maendeleo ya mwanafunzi, hapo lipa. Ikiwa ni chuo pekee kinachotaka, uliza kwa nini.

Jambo jingine la B1 ambalo vyuo vichache hulieleza ni kwamba mtihani wa Goethe wa daraja hilo umegawanywa sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina pointi 100, na ukipata 60 umefaulu. Ukianguka kwenye kuandika pekee, unaweza kurudia kuandika pekee, na ulizofaulu zinabaki. Mitihani ya A1 na A2 haina mgawanyo huo. Ukianguka unarudia yote. Basi chuo kinachomwambia aliyeanguka sehemu moja ya B1 kwamba arudie kozi nzima kwa karo nzima kinamuuzia kitu asichokihitaji. Anachohitaji ni wiki chache za kuandika barua na hoja, zisahihishwe kwa kalamu nyekundu, kisha arudi kwenye ile sehemu moja.

Limebaki suala la kulipa upya, ambalo halipo kwenye bango lolote nililowahi kuliona.

Cheti cha Goethe chenyewe hakina tarehe ya kuisha. Lakini taasisi nyingi na waajiri hukikataa kikizeeka, wengine baada ya miaka miwili, na kwenye maombi ya viza mara nyingi hutakiwa kisizidi mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba kuwahi mtihani kunaweza kuwa hasara. Msichana anayefanya A1 mwezi Machi, akapata familia ya kumpokea mwaka unaofuata mwezi Mei, huenda akalazimika kuketi upya: 18,000 nyingine na 4,000 nyingine za safari, kwa lugha ileile anayoijua. Afadhali asome mapema, aendelee kusoma, na mtihani aupange pale mwaliko au mkataba unapokaribia. Ila asisubiri dakika ya mwisho, maana nafasi za mtihani hujaa.

Wauguzi wetu wanaoielekea Uingereza wana saa yao nyingine. Matokeo ya IELTS na ya OET hukubaliwa kwa miaka miwili. Muuguzi aliyefanya IELTS kabla hajaanza kukusanya barua za chuo na za baraza la wauguzi anaweza kukuta miaka hiyo imekwisha akiwa bado yuko kwenye foleni ya karatasi. Akusanye karatasi kwanza, kisha aketi.

Na kwa kozi za mtandaoni zinazolipwa kila mwezi, someni masharti kabla ya kuingiza namba ya kadi. Nyingi hujirefusha zenyewe: mwezi ukiisha fedha zinakatwa, mwanafunzi awe amesoma au alikuwa shambani. Ukiacha kulipa, video na mazoezi hufungwa, pamoja na yale uliyokwisha kuyalipia. Zile 6,000 za mwezi zikiendelea miezi miwili baada ya mtoto kuacha kusoma ni 12,000 zilizokwenda bila saa hata moja ya mwalimu. Hata baadhi ya vyuo vya mjini vina mtindo wake: kila daraja jipya, usajili mpya. Elfu moja mara nne, kutoka A1 hadi B2, kwa mtu ambaye jina lake limo kwenye daftari tangu siku ya kwanza.

Nimalizie kwa ombi kwa walio hapa wenye vyuo, wa Kericho, Litein, Sotik na Bomet, ambao najua wengi wenu mnafundisha kwa moyo. Kwenye tangazo lenu lijalo chapisheni mambo matano chini ya bei: saa za mwalimu baada ya kuondoa mapumziko, idadi ya juu ya wanafunzi darasani, mtahini wa nje mnayemwandalia mwanafunzi na daraja, kila ada iliyo nje ya karo, na masharti ya kurudishiwa fedha. Chuo kinachofundisha vizuri hakitapoteza mwanafunzi kwa kuyaandika. Nanyi wazazi, bonasi ya Oktoba ikiingia, msitoe hata shilingi ya usajili kabla hamjaandikiwa mambo hayo kwenye karatasi yenye jina la chuo na sahihi ya mtu. Asiyekubali kuandika, nendeni kwa mwingine.